Nishani ya Askari na Namna ya Kuitambua

Nishani ya vita hutambulika kwa mambo matatu: umbo la chuma chake, kilichochongwa upande wake wa nyuma, na rangi za utepe wake. Kila moja husema jambo lake kuhusu aina na zama za nishani, lakini ushahidi wao hauna uzito sawa. Umbo na upande wa nyuma hubaki vilevile tangu siku nishani ilipotoka kiwandani. Utepe huchakaa, hukatika, huliwa na nondo, kisha hubadilishwa na yeyote mwenye sindano na uzi. Kwa sababu hiyo anayechunguza nishani asiyoijua huanza na chuma, na utepe huuacha mwisho, hata kama ndio unaovutia macho kwanza.

Katika Afrika Mashariki nishani nyingi za zamani zinazopatikana kwenye masanduku ya familia ni za Waingereza. Zilitolewa kwa askari wa KAR, jeshi ambalo watu wengi waliliita Keya, pamoja na askari wa vikosi vingine vya kikoloni, kuanzia miaka ya mwisho ya utawala wa Malkia Viktoria hadi miaka ya 1950. Kwa bahati nzuri Waingereza walikuwa na kanuni katika utengenezaji wa nishani zao, na kanuni hizo ndizo zinazowezesha mtu wa kawaida kuzisoma bila kuwa mtaalamu.

Swali la kwanza ni kama nishani ni ya mviringo au ni nyota. Nyota karibu zote za huku ni za vita viwili vikuu vya dunia, na namna ya kuzitofautisha ni kuhesabu ncha zake. Nyota ya Vita vya Kwanza, iitwayo Nyota ya 1914-15, ina ncha nne. Ni ya shaba nyeusi, ina taji juu, na katikati zimepishana panga mbili ambazo mipini na ncha zake hutokeza nje, hivyo kwa haraka mtu anaweza kudhani kuwa ncha ni nyingi zaidi. Juu ya panga hizo kuna kitambaa cha kuchongwa chenye miaka 1914-15. Nyota hiyo ilitolewa kwa askari aliyeingia katika uwanja wa vita kabla ya mwaka 1915 kwisha, na mapigano ya mpakani baina ya Kenya ya Waingereza na Afrika Mashariki ya Wajerumani yalihesabiwa kuwa uwanja wa vita.

Nyota za Vita vya Pili zina ncha sita, na rangi ya chuma chake inaelekea unjano wa shaba nyeupe. Upana wake ni kama milimita 38, na urefu kama 44. Katikati pana duara lenye taji na herufi za Mfalme Joji wa Sita, na jina la nyota limeandikwa kuizunguka duara hiyo. Zote zilifanana kwa umbo, za Afrika, za Burma na za kwingineko, hata mtu akiiona moja kwa mbali hawezi kujua ni ipi. Hapo ni lazima asome jina lililozunguka duara, na utepe uje kuthibitisha.

Nishani za mviringo zinahitaji subira zaidi, maana karibu zote zina kipenyo kilekile cha milimita 36. Kinachozitenganisha kwa haraka ni kishikio, yaani sehemu ya juu ambamo utepe hupitishwa. Baada ya Vita vya Kwanza askari wengi walipewa nishani mbili kwa pamoja. Moja ni Nishani ya Vita ya Uingereza, ya fedha, yenye kishikio cha ufito ulionyooka. Nyingine ni Nishani ya Ushindi, ya shaba iliyong'arishwa, yenye kishikio cha pete ya kawaida. Kwa hiyo hata katika giza la sanduku, mtu akipapasa kwa vidole anaweza kujua ameshika ipi.

Baada ya umbo hufuata kuigeuza. Upande wa mbele wa nishani nyingi za Waingereza huwa na sura ya mfalme au malkia, na sura hiyo peke yake hutaja zama: Viktoria hadi 1901, Edwadi wa Saba hadi 1910, Joji wa Tano hadi 1936, Joji wa Sita hadi 1952, kisha Elizabeti wa Pili. Majina yameandikwa kwa Kilatini kuzunguka sura, nayo yana kidokezo kidogo ambacho wengi hukipita. Kwenye nishani za Joji wa Sita, kifupi IMP mwishoni mwa maandishi humtaja mfalme kuwa pia mtawala wa India. India ilipata uhuru mwaka 1947, na mwaka uliofuata mfalme aliacha cheo hicho. Pale ambapo nishani ya aina moja iliendelea kutolewa baada ya hapo, maandishi yake yalibadilishwa. Kwa hiyo nishani ya Joji wa Sita isiyo na kifupi hicho ni ya miaka yake ya mwisho.

Lakini sura ya mfalme haitoshi. Inaeleza nani alikuwa kwenye kiti cha enzi nishani ilipotengenezwa, haielezi ilitolewa kwa ajili ya nini. Hilo hujibiwa na upande wa nyuma. Nyuma ya Nishani ya Vita ya Uingereza kuna mtu aliye uchi juu ya farasi, farasi anakanyaga ngao yenye tai, fuvu na mifupa vimelala chini, na miaka 1914 na 1918 imeandikwa pembeni. Nyuma ya Nishani ya Ushindi hakuna picha. Kuna maandishi ndani ya shada la majani, na mwaka wa mwisho ni 1919. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja imewafanya wengi wadhani kwamba nishani moja ni ya uongo. Si hivyo. Zote mbili ni halali, na mara nyingi zilikuwa za mtu mmoja. Nyuma ya Nishani ya Vita ya 1939-45, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, yupo simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Nyuma ya Nishani ya Ulinzi ya vita hivyohivyo kuna simba wawili na mti mchanga, na taji juu ya mti huo.

Tarehe iliyo nyuma ya nishani inaweza pia kumpoteza msomaji, na mfano mzuri ni Msalaba wa Chuma wa Wajerumani. Ule wa Vita vya Kwanza una herufi W na mwaka 1914 upande mmoja, lakini upande wa pili umeandikwa 1813. Aliyeuona upande huo tu atasema ameshika kitu cha zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1813 ndio ulioanzishwa Msalaba huo wakati wa vita dhidi ya Napoleoni, na Wajerumani waliendelea kuuandika kwenye matoleo ya baadaye. Zama za Msalaba huo hujulikana kwa mwaka ulio upande wa mbele. Msalaba halisi wa daraja la pili huwa na kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, hivyo sumaku huuvuta katikati.

Nishani inayostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi kuliko zote hapa ni Nishani ya Utumishi wa Jumla Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1902. Haikutolewa kwa vita kimoja. Ilikuwa chombo cha kuhesabia kampeni ndogondogo za kikoloni katika bara zima, na kila kampeni ilipewa ufito mwembamba wa chuma wenye jina lake, unaokaa juu ya utepe. Fito hizo zilifika zaidi ya 40. Ufito wa Nandi wa 1905-06 unahusu kampeni ambayo ndani yake Koitalel arap Samoei aliuawa mwezi Oktoba 1905. Upo ufito wa Jubaland wa 1917-18. Wa mwisho kabisa umeandikwa KENYA tu, bila mwaka, na unahusu Dharura ya 1952 hadi 1956. Kila ufito unaoheshimiwa kwa upande mmoja una watu waliouawa kwa upande mwingine, na anayeisoma nishani hii kwa makini anausoma pia msiba wa wengine.

Upande wake wa nyuma una mwanamke aliyesimama, amevaa kofia ya vita, mkono mmoja ameshika mkuki wa ncha tatu, mwingine ameunyoosha ukiwa na tawi la mtende na hati iliyokunjwa. Simba yuko nyuma yake na jua linachomoza. Chini kabisa limeandikwa neno AFRICA. Picha hiyohiyo ilitumika kabla, kwenye Nishani ya Afrika Mashariki na Kati ya miaka 1897 hadi 1899, isipokuwa kwamba maandishi ya chini ni EAST & CENTRAL AFRICA. Anayetazama picha bila kusoma mstari huo atachanganya nishani ya uasi wa wanajeshi wa Uganda wa 1897 na nishani ya Dharura ya Kenya, vitu vilivyopishana kwa zaidi ya miaka hamsini. Kwa hiyo, panapokuwa na picha na maneno, maneno yasomwe yote, na mstari wa chini usomwe kwanza.

Sura za mbele zinatimiza utambuzi. Nishani ya Afrika Mashariki na Kati ina Viktoria. Ile ya Utumishi wa Jumla ina Edwadi wa Saba, Joji wa Tano au Elizabeti. Toleo la Joji wa Sita halikutengenezwa, kwa kuwa wakati wake wote hakukuwa na kampeni iliyopewa ufito wa nishani hiyo. Ikionekana moja yenye sura yake, basi ni ya kubuni. Na yenye sura ya Elizabeti haina ufito mwingine isipokuwa wa Kenya. Akionekana na ufito wa Nandi, basi fito zimehamishwa.

Ukingo, yaani ubavu mwembamba unaozunguka nishani, nao husomwa pamoja na upande wa nyuma. Hapo ndipo Waingereza walipogonga nambari ya askari, jina na kikosi chake. Kwenye nyota za Vita vya Kwanza maandishi hayo yamo nyuma ya nyota yenyewe, kwa kuwa haina ukingo wa kutosha. Askari wa Kiafrika mara nyingi aliandikwa jina moja tu baada ya nambari, kisha kikosi, mathalani 4/K.A.R. Nambari ya kikosi huelekeza nchi: katika miaka ya 1950 Kikosi cha Nne kilikuwa cha Uganda, cha Sita cha Tanganyika, cha Kwanza na cha Pili cha Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na cha Tatu na cha Tano ni vya Kenya. Nyota na nishani za kampeni za Vita vya Pili zilizotolewa na serikali ya Uingereza, kinyume chake, hazikuandikwa jina. Familia nyingi zimekata tamaa kwa kudhani jina limefutwa, kumbe halikuwepo tangu mwanzo.

Jina lililofutwa kweli hugundulika kwa kupima. Aliyelisugua kwa tupa ili aandike jingine ameondoa chuma, na kipenyo hakiwezi kurudi. Vipimio vya fundi wa vyuma vikionyesha chini ya milimita 36 mahali fulani na 36 kamili mahali pengine, ukingo umechezewa. Hata herufi husema: maandishi ya awali yana kimo kimoja na nafasi sawa, na ya kughushi mara nyingi yana makali mapya juu ya chuma kilichokwisha kulainika.

Jina la kampeni nalo liliwahi kuwekwa ukingoni. Mfano wake uko Pwani ya Kenya. Mwaka 1895 Waingereza walishambulia Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Washiriki walipewa Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi yenye sura ya Viktoria aliyejitanda ushungi, na jina la Mwele likachongwa kwenye ukingo badala ya kuwekewa ufito. Anayeitazama nishani hiyo kwa mbele na nyuma tu atasema haina kampeni.

Sasa utepe. Rangi za tepe za Waingereza hazikuchaguliwa ovyo, na baadhi ni rahisi kukumbuka kwa maana yake. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mpana mwekundu katikati kwa jeshi la nchi kavu, na mistari myembamba ya buluu nzito na buluu nyepesi pande mbili kwa jeshi la maji na la anga. Walioupata ni pamoja na askari wa Afrika Mashariki waliopigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia. Utepe wa Nyota ya Burma ni wa buluu nzito, wenye mstari mwekundu katikati na mstari wa machungwa kila upande; ndio waliopewa waliokwenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944. Utepe wa Nishani ya Utumishi wa Jumla Afrika ni wa njano, wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani katikati. Ule wa Nishani ya Afrika Mashariki na Kati umegawanyika nusu njano, nusu nyekundu, hauna mfano. Na Nishani ya Ushindi ina rangi zote za upinde wa mvua mara mbili, nyekundu zikikutana katikati.

Utepe wa asili mara nyingi una upana wa milimita 32, na ule wa zama za kale ni wa hariri au pamba. Uliofumwa kwa nyuzi za kisasa mara nyingi hung'aa buluu ukimulikwa kwa tochi ya mwanga usioonekana, ileile wanayotumia wenye maduka kukagua noti bandia. Hata hivyo, utepe wa kale uliofuliwa kwa sabuni ya unga ya leo nao utang'aa, kwa hiyo mng'ao ni sababu ya kuuliza zaidi tu. Na utepe mpya hauifanyi nishani kuwa ya uongo. Wazee wengi walibadilisha utepe uliochanika ili wavae nishani zao siku ya kumbukumbu, na walitumia waliopata dukani.

Beji za kofia na za sare hazina utepe, lakini zina taji, na taji ni kalenda nzuri. Beji za kikoloni za 1901 hadi 1952 zina taji la mfalme, ambalo matao yake yamepanda yakawa kuba. Elizabeti aliposhika madaraka lilichukua nafasi yake taji ambalo matao yake hubonyea katikati. Askari polisi aliyepiga picha akiwa na taji lililobonyea amepigwa picha baada ya 1952. Taji likikosekana na mahali pake pakawa na nembo ya taifa, beji hiyo ni ya baada ya uhuru. Mwaka 2022 Mfalme Chalsi alirudia taji la kuba, kwa hiyo kanuni hii haihusu beji mpya za Uingereza.

Nyuma ya beji husema mengine. Beji iliyogongwa kwa mashine kwenye bamba la chuma ina picha iliyogeuka upande wa nyuma, mashimo yakilingana na mabonde ya mbele. Beji ya bandia mara nyingi imemiminwa kwenye ukungu, hivyo nyuma yake ni bapa au ina vitundu vidogo vya hewa, na maelezo ya mbele hayana makali. Beji nyepesi mno yenye mng'ao wa dhahabu usiofifia huwa ya alumini iliyotiwa rangi, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1950. Ikiwa na taji la kuba, inapaswa kutazamwa kwa mashaka.

Hatua zote zikifuatwa pamoja, huenda hivi. Chukua nishani ya fedha iliyopiga weusi, ya mviringo, imeshonewa utepe mwekundu na buluu wenye mistari myeupe myembamba katikati. Utepe huo ni wa Nishani ya Vita ya 1939-45, na mwenye haraka angeishia hapo. Lakini nishani ile ni ya shaba na nikeli, na upande wake wa nyuma una simba na joka. Hii ni ya fedha, ina kishikio kilichonyooka na kipenyo cha 36. Mbele ni Elizabeti, na Elizabeti hakuwa malkia mwaka 1945. Nyuma kuna mwanamke, simba na neno AFRICA, na juu ya kishikio upo ufito wa KENYA. Ukingoni kuna nambari, jina moja na 6 K.A.R. Kwa hiyo ni Nishani ya Utumishi wa Jumla Afrika, ya askari wa Kikosi cha Sita cha Tanganyika aliyetumwa Kenya wakati wa Dharura. Utepe umetoka kwingine. Huenda mwenyewe alikuwa na nishani ya Vita vya Pili iliyopotea, au fundi alishona alichokuwa nacho. Utepe huo hauwezi kuamua, na haupaswi kutumika kama ushahidi wa utumishi wa mtu.

Kosa linaloharibu ushahidi kuliko yote ni kusugua. Majivu, limau na brashi ya chuma huondoa weusi, na pamoja nao huondoa makali ya herufi za ukingo, ambazo ndizo pekee zinazomtaja mtu. Nishani iachwe na rangi yake, ipigwe picha mbele, nyuma na ukingo wote, na utepe uliokuwa nao ubaki nao hata kama si wake. Orodha za waliopewa nishani za Vita vya Kwanza zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, na nambari na kikosi kilichogongwa ukingoni ndivyo vinavyotumika kulitafuta jina humo.